Persimoni: tunda linalokausha mdomo, na namna ya kulingoja

Picha ilitoka Istanbul, kwa mpwa wangu anayesoma huko. Ilipigwa sokoni, haraka haraka, na kidole cha mpigaji kimeziba kona moja. Chini yake ujumbe: "Shikamoo mjomba. Haya ni nyanya au ni matunda? Nimenunua kilo nzima ya yale ya kulia, nimeng'ata moja tu nikalitema. Mdomo wote umekakamaa, hata maji hayasaidii. Niyatupe?"

Nikamjibu marahaba, usitupe kitu, kisha nikaikuza picha. Kwenye meza ya mbao kulikuwa na mafungu mawili. La kushoto lilikuwa la matunda bapa, ya rangi ya chungwa iliyokolea kiasi, magumu kwa kuyatazama, yamerundikwa juu kwa juu. La kulia lilikuwa la matunda marefu kidogo, yamechongoka upande wa chini, rangi imeelekea wekundu. Nyuma yake palikuwa na trei zenye matunda yale yale ya kuchongoka, ila hayo yalipangwa safu moja tu, hakuna lililolaliwa na jingine, na ngozi zake zilikuwa zimelegea. Yote, ya kushoto na ya kulia, yalikuwa na kofia ya majani manne makavu pale penye kikonyo. Kwenye kadi ya bei paliandikwa *Trabzon hurması*.

Hizo kofia zilitosha kuondoa shaka. Nyanya ina vijani vyembamba vitano au zaidi, vinavyopinda na kunyauka. Hili lina majani manne mapana, mazito kama ngozi, yamebana juu ya tunda. Ni persimoni, tunda la asili ya China ambalo Wachina, Wakorea na Wajapani wamelilima kwa karne nyingi, na leo linalimwa pia Uhispania, Italia, Uturuki, Israeli na kwingineko. Waturuki wamelipa jina la Trabzon, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi. Waarabu wengi hulijua kama kaka, na kwenye vibandiko vya Ulaya utakuta *kaki*, *Persimon* au *Sharon*. Kwa nchi za kaskazini ya ikweta msimu wake ni takriban Oktoba hadi Desemba. Afrika Kusini, ambako nako hulimwa, mavuno huanza kama Aprili.

Majina si tatizo. Tatizo ni kwamba matunda mawili yanayofanana hivi huliwa kwa kanuni mbili zinazopingana: moja unaling'ata likiwa gumu siku ile ile ya kulinunua, na jingine ukilila likiwa gumu utajuta. Mpwa wangu alichagua fungu la kulia kwa sababu ya rangi. Ndilo lililokuwa na rangi ya kuiva, na ndilo lililokuwa halijawa tayari.

Ukakasi unatoka wapi

Mtu wa pwani aliyewahi kufyonza bibo anaujua ukakasi, na aliyemenya ndizi mbichi kwa meno anaujua pia. Kwenye persimoni ni ule ule, ila mkali zaidi. Unasababishwa na tanini. Ndani ya nyama ya tunda zimo seli maalumu zilizojaa tanini iliyoyeyuka katika maji yake. Ukitafuna, seli hizo zinapasuka, tanini inamwagika mdomoni na kuzishika protini za mate, zile zinazofanya ulimi uteleze. Protini zikishikwa zinaganda, mate yanakosa utelezi, na ulimi unakwaruzana na kaakaa. Ndiyo sababu maji hayakumsaidia mpwa wangu. Maji hayana hizo protini, kwa hiyo inabidi kungoja mate mapya. Maziwa au mtindi husaidia zaidi, kwa sababu una protini ambazo tanini itazishika badala ya zako.

Jambo la kushika ni hili: tunda linapoiva, tanini haiondoki. Kinachotokea ni kwamba vipande vyake vinaungana na kuwa vikubwa, havimo tena kwenye maji ya tunda bali vimeganda ndani ya seli zake. Ukitafuna, vinapita bila kuyagusa mate. Ukilikata persimoni lililotengemaa utaona vitone vidogo vya kahawia vimetapakaa kwenye nyama. Watu wengi hudhani ni dalili ya kuoza na kulitupa tunda, kumbe vitone hivyo ndivyo tanini iliyokwisha kuganda, na ni habari njema.

Kinachoigandisha ni asetaldehidi, kemikali ambayo tunda lenyewe hutengeneza kidogo kidogo. Njia zote za kuondoa ukakasi, ukitoa ile ya friza, zinakwenda kwenye kemikali hiyo hiyo kwa milango tofauti. Ukishalielewa hilo, huna haja ya kukariri maelekezo ya kila mtu mtandaoni, ambayo mara nyingi yanapingana kwa sababu kila mmoja anazungumzia aina yake.

Umbo linasema, lakini halisemi yote

Kanuni ya kwanza ni ya umbo. Matunda bapa, yaliyokaa kama nyanya kubwa, mara nyingi ni aina ya *Fuyu* au ndugu zake. Aina hizi hupoteza tanini ya kuyeyuka zikiwa bado mtini, kwa hiyo zinafika sokoni magumu lakini matamu. Matunda marefu yaliyochongoka chini, ambayo aina yake mashuhuri ni *Hachiya*, hubaki na ukakasi hadi yalainike kabisa. Ukirudi kwenye picha ya mpwa wangu, muuzaji mwenyewe alishatoa jibu bila kuulizwa: ya kushoto aliyarundika kwa sababu yanaliwa magumu na hayapondeki. Ya kulia yalikuwa yametengwa, magumu mbele na yaliyolainika nyuma kwenye trei. Hakuna mwenye duka anayejisumbua kupanga tunda safu moja bila sababu. Mpwa wangu alikuwa amechukua yale ya mbele.

Kanuni hiyo inaharibika ukikutana na mzigo wa Uhispania. Huko, hasa kwenye bonde la mto Júcar jimbo la Valencia, hulimwa aina iitwayo *Rojo Brillante*. Ni tunda refu kiasi, na kwa asili yake lina ukakasi. Zamani liliuzwa likiwa laini kama uji, na hilo liliwapa wafanyabiashara shida, kwa kuwa tunda laini halisafiri. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 wakaanza kulitibu kabla ya kulipakia. Wanalifungia kwenye chumba kisichopitisha hewa, wanaingiza hewa ya ukaa hadi karibu asilimia 95, na kuliacha humo kama saa 24 kwenye joto la nyuzi 20. Tunda likikosa oksijeni linalazimika kupumua kwa njia nyingine, na njia hiyo huzalisha asetaldehidi kwa wingi. Tanini inaganda yote, huku nyama ikibaki ngumu. Hilo ndilo linalouzwa kwa jina la *Persimon*, na yale ya Israeli yaitwayo *Sharon* nayo hutibiwa kwa njia ya namna hiyo. Kwa hiyo ukikuta supamaketi tunda refu, gumu, lenye kibandiko cha jina mojawapo kati ya hayo, kata ule. Limeshafanyiwa kazi.

Kuna na kundi la tatu, ambalo nitalipitia haraka: aina ambazo hupoteza ukakasi ikiwa tu ua lilichavushwa na tunda likapata mbegu. Zikiwa na mbegu, nyama yake hugeuka kahawia na kuwa tamu. Zisipokuwa nazo, hubaki ya njano na kakasi. Muuzaji anaweza kuwa na yote mawili kwenye kapu moja. Ukikata ukaona nyama ya kahawia, usishtuke, hilo ni la kuliwa.

Pale ambapo hakuna kibandiko na umbo halieleweki, chukulia kwamba lina ukakasi mpaka ulijaribu. Kulijaribu hakuhitaji kung'ata. Kata kipande chembamba kama karatasi kutoka ubavuni, kiguse kwa ncha ya ulimi, ngoja kidogo. Ukakasi hauji mara moja, huchelewa, na ndiyo maana watu humeza tonge zima kabla ya kugundua. Kama una kisu cha chuma cha kizamani, kile kinachoshika kutu, kitazame baada ya kukata: tanini ikikutana na chuma huacha doa la bluu nyeusi. Wataalamu hutumia mwitikio huo huo. Hugandamiza tunda lililokatwa kwenye karatasi iliyolowekwa dawa yenye chuma, kisha husoma kiasi cha weusi. Na kama uko Uturuki kama mpwa wangu, muulize muuzaji kama tunda ni *buruk*, ndivyo wanavyoiita hali hiyo. Atakuonyesha fungu kwa kidole.

Kulivumbika

Aliyekulia kijijini anajua kuvumbika ndizi: shimo, majani, moshi kidogo, kufunika, kungoja. Moshi ule una gesi ya ethilini, ambayo ndiyo inayoyaambia matunda mengi yaive. Persimoni nalo huitikia ethilini, na mjini huhitaji shimo, kwa sababu ndizi mbivu au tofaa hutoa gesi hiyo zenyewe.

Nilimwelekeza mpwa wangu hivi. Katika ile kilo alibakiwa na matunda manne. Achukue mfuko wa karatasi, ayapange ndani kifudifudi, kofia chini na ncha juu, yasilaliane. Nafasi ya kofia chini ina sababu: ncha ndiyo inayolainika mwanzo, na likikalia ncha litapasuka kwa uzito wake lenyewe. Katikati aweke ndizi moja iliyoiva yenye madoa. Mdomo wa mfuko aukunje tu, asiukaze, kisha auweke kabatini au juu ya meza, chumba kiwe cha joto la kawaida, nyuzi 18 hadi 22. Asitumie mfuko wa plastiki, kwa kuwa unyevu utakusanyika na ukungu utaanzia chini ya kofia. Asiweke dirishani juani: jua hulipika tunda upande mmoja huku upande wa pili ukibaki mgumu.

Kwa njia hii matunda yaliyokwisha kupata rangi kamili huwa tayari baada ya siku 3 hadi 6. Bila ndizi yanaweza kuchukua wiki mbili au tatu. Yakiwa na kijani mabegani, yalichumwa mapema, na hata yakilainika utamu wake utakuwa wa maji.

Hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Tunda likianza kubonyea kidole watu hulikata, wakakuta katikati ni tamu na juu kunakaba. Persimoni la kundi hili haliwi tayari likibonyea, huwa tayari likikaribia kuonekana limeharibika. Ngozi inakuwa nyembamba na kama ya kioo, ukiliinua kwenye mwanga unaona mwanga unapenya kidogo. Rangi inakolea. Ukilishika linalala mkononi kwa uzito wake. Kituo cha kupima ni mabegani, pale kuzunguka kofia, kwa sababu ndipo panapochelewa kuliko pote. Mabega yakiwa bado na ugumu, lirudishe mfukoni siku moja au mbili. Na kama limelainika upande mmoja tu, huenda liligongwa njiani. Upande ule laini unaweza kulika, lakini ule mgumu bado.

Ukipitiliza nako kuna dalili. Tunda linatoa harufu ya mvinyo, juisi inachuruzika chini ya kofia, na ukilionja lina ukali wa uchachu. Hapo limeanza kuchacha. Ukungu ukiwa umeshika chini ya kofia na kuingia ndani, litupe lote. Nyama laini yenye maji mengi hivi haifai kukatwa sehemu mbaya na kula iliyobaki.

Asiyeweza kungoja

Njia ya mkato iliyo rahisi kuliko zote ni friza. Liweke tunda zima, bila kumenya, usiku kucha au siku nzima hadi liwe jiwe. Kisha lihamishie kwenye friji kawaida liyeyuke kwa saa kadhaa. Barafu inapojijenga ndani hupasua seli, na tanini iliyokuwa imefungiwa inakutana na kuta za seli zilizovunjika na kuzing'ang'ania kabla haijafika kinywani mwako. Ukakasi unapungua sana, mara nyingi unaisha. Gharama yake ni kwamba hutapata tunda la kukata vipande: likiyeyuka ni uji mtupu, wa kula kwa kijiko. Na friza haiongezi sukari. Inachofanya ni kuondoa ukakasi, basi, kwa hiyo tunda lililochumwa changa litatoka humo bila ukakasi na bila ladha.

Wajapani wana njia nyingine ya zamani, ya pombe kali. Huchovya au hupulizia kofia tu kwa pombe ya asilimia kama 35, kisha hulifungia tunda kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa wiki moja hivi kwenye joto la chumba. Kofia inachaguliwa kwa sababu ngozi ya persimoni karibu haipitishi hewa, na sehemu kubwa ya kupumua kwake hufanyika pale penye kofia. Pombe inaingia kwa mlango huo, na ndani tunda linaigeuza kuwa asetaldehidi. Faida yake ni kwamba tunda hubaki na ugumu kiasi, likakatika kwa kisu. Kwa nyumba isiyoingiza pombe jikoni, friza na ndizi zinatosha kabisa, na mimi sioni sababu ya kujisumbua zaidi.

Kulila

Lililolainika: likate juu, uondoe kofia, shika tunda kama yai na ule nyama kwa kijiko. Ngozi iache, kwa sababu ndiko mabaki ya ukakasi yanakojificha. Ladha yake ni tamu sana, ina kitu cha asali na kitu cha boga lililochemka, na haina uchachu hata kidogo. Wanaopenda uchachu hukamulia ndimu, na hapo naungana nao. Ndimu inalifanya tunda lichangamke. Ukilichanganya na mtindi mzito unapata kifungua kinywa cha maana.

Gumu la aina ya bapa, au lile lililotibiwa: lioshe, chimba kofia kwa ncha ya kisu, kata mapande kama tofaa. Ngozi inalika, ingawa ikiwa nene inafaa kumenywa. Ukilikata kwa mlalo utaona nyota katikati. Mbegu zikiwepo ni bapa, za kahawia, haziliwi. Aina nyingi za sokoni hazina mbegu kabisa.

Usilipike bila kulijua. Ile tanini iliyoganda haijaondoka, imelala tu, na joto linaweza kuiamsha: tunda lililokuwa tamu kabisa likachemshwa kwa ajili ya jemu au kuokwa, na ukakasi ukarudi. Hutokea zaidi kwa matunda magumu yaliyotibiwa kuliko kwa yale yaliyoiva hadi kuwa uji. Kama unataka kulitia kwenye keki, tumia lililoiva kabisa, na chemsha kwanza kijiko kimoja cha rojo lake kama jaribio kabla ya kumwaga bakuli zima kwenye unga.

Kuna tahadhari moja ya tumbo. Tanini ya persimoni ikikutana na asidi ya tumbo inaweza kugandamana na nyuzinyuzi za tunda na kufanya donge gumu, ambalo wakati mwingine huziba njia na kuhitaji daktari. Si jambo la kumtokea mtu anayekula tunda moja lililoiva baada ya chakula. Hutokea kwa wanaokula mengi, hasa yenye ukakasi, hasa tumbo likiwa tupu, na kwa watu ambao tumbo lao halisukumi chakula vizuri: waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, au wenye kisukari cha muda mrefu kilichowafanya tumbo liwe zito. Hao ni heri wamuulize daktari wao kwanza. Na mwenye kisukari wa aina yoyote akumbuke kwamba tunda lililoiva limejaa sukari.

Kulihifadhi

Mkono wa kila mtu unakimbilia friji, na kwa persimoni gumu la bapa hapo ndipo panapoharibika. Aina ya *Fuyu* huumizwa na ubaridi wa kati, ule wa nyuzi 5 hadi 15. Wauzaji wa jumla hulihifadhi karibu na nyuzi 0, ambako linakaa kwa wiki nyingi, lakini friji ya nyumbani huelea kwenye nyuzi 4 au 5 na kupanda kila mlango unapofunguliwa. Dalili hazionekani likiwa ndani. Unalitoa baada ya siku kadhaa, linakaa mezani, na nyama inageuka kuwa kama jeli, inanyumbuka kisha inatoa maji, wakati mwingine na rangi ya kahawia. *Rojo Brillante* la Uhispania nalo lina udhaifu wa namna hiyo. Kwa hiyo magumu yaache mezani, mahali pakavu pasipo na jua, mbali na ndizi na tofaa ambazo zitayalainisha bila kukusudia. Yatakaa wiki moja, pengine mbili. Kama umenunua mengi kupita kiasi, yaweke sehemu ya friji iliyo baridi kuliko zote, nyuma kabisa, na uyale moja kwa moja kutoka humo.

Lililolainika ndilo la friji. Limeshamaliza safari yake, ubaridi unalipunguzia tu mwendo. Liweke ndani ya bakuli, kofia chini, na ule ndani ya siku 2 au 3. Likibaki zaidi ya hapo, kamua nyama, ipitishe kwenye chujio, igandishe kwenye vikopo vidogo. Friza itaitunza kama miezi 6, na inafaa kwa juisi au aisikrimu ya haraka.

Mpwa wangu alinitumia picha nyingine siku ya tano. Matunda matatu yalikuwa tayari. La nne lilikuwa na mabega magumu, nikamwambia alirudishe na ndizi nyingine. Kisha akauliza kuhusu kitu alichokiona kwenye duka la karanga: matunda makavu ya kahawia yametungwa kwenye uzi, yamefunikwa unga mweupe, je, ni ukungu?

Si ukungu. Ni persimoni lenye ukakasi lililomenywa na kuanikwa. Likimenywa, uso wake hukauka na kufanya utando unaozuia hewa, ndani linakosa oksijeni, na asetaldehidi inafanya kazi ile ile ya chumba cha Uhispania, ila kwa wiki kadhaa badala ya siku moja. Unga mweupe ni sukari ya tunda iliyotoka juu na kuganda. Ukipaka kidole ukaulamba ni mtamu. Ukungu wenyewe una manyoya, huwa wa kijani au kijivu na hunuka uvundo. Kama ni unga mkavu, laini, uliotanda sawasawa, anunue.